Kuchora moyo wa nukta 144: emoji za kwanza za simu za Kijapani, hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kuchora alama za skrini ndogo, zile ambazo kila nukta inahesabika. Anayeanza kazi hii ninampa zoezi moja: achore moyo mzima na moyo uliovunjika ndani ya miraba 12 kwa 12, kama walivyofanya Wajapani miaka ya tisini. Zana unazozihitaji ni kihariri cha maandishi tu na programu ya ImageMagick.

Hatua ya 1: Jua unachora nini hasa

Neno emoji ni la Kijapani: "e" ni picha, "moji" ni herufi. Ukikumbuka hilo la pili, nusu ya kazi imekwisha. Emoji haikuwa picha iliyobandikwa kwenye ujumbe. Ilikuwa herufi ndani ya mstari, ikikaa katika nafasi ya kanji moja, yaani herufi moja ya maandishi ya Kijapani.

Seti iliyopata umaarufu ilitoka na i-mode, huduma ya intaneti kwenye simu ya kampuni ya NTT Docomo, Februari 1999. Ilikuwa na alama 176, na aliyeiongoza alikuwa Shigetaka Kurita, kijana aliyesomea uchumi, si uchoraji. Lakini haikuwa ya kwanza. Novemba 1997 kampuni ya J-Phone ilikuwa imeshatoa simu iitwayo SkyWalker DP-211SW yenye emoji 90, nazo pia nyeusi na nyeupe. Simu ile ilikuwa ghali na wachache waliinunua, ndiyo maana kwa miaka mingi sifa yote ilimwendea Kurita.

Moyo tunaouchora una kisa chake. Kabla ya simu, vijana wa Japani walitumiana ujumbe kwa peja, vifaa vidogo vya kupokea ujumbe mfupi, na peja za Docomo zilikuwa na alama ya moyo. Kampuni ilipotoa peja mpya iliyolenga watu wa maofisini, moyo ukaondolewa. Kurita amesimulia mara kadhaa jinsi vijana walivyokasirika na kuhamia kwa mshindani. Hapo alielewa kuwa alama moja ndogo hubeba kile ambacho maneno makavu hayabebi. Barua pepe ya i-mode ilikuwa na nafasi ya herufi 250 tu za Kijapani, na maneno ya adabu na ya kupunguza ukali hula nafasi. Moyo mmoja ulikula nafasi ya herufi moja.

Hatua ya 2: Andika gridi

Fungua faili tupu, uiite `moyo.pbm`. PBM ni aina ya picha inayoandikwa kwa tarakimu: 1 ni nyeusi, 0 ni nyeupe.

```
P1
12 12
000000000000
001100011000
011110111100
111111111110
111111111110
111111111110
011111111100
001111111000
000111110000
000011100000
000001000000
000000000000
```

Angalia safu wima ya mwisho: ni sifuri tupu. Nimeiacha makusudi. Kwanza, herufi inayofuata isigusane na moyo. Pili, upana unaobaki ni 11, na namba witiri ina katikati. Ncha ya moyo inakaa kwenye safu ya 6 ikiwa nukta moja kali. Ukitumia zote 12, katikati inaangukia kati ya nukta mbili, na ncha inakuwa butu.

Sasa ikuze mara kumi uione:

```
magick moyo.pbm -scale 1000% moyo.png
```

Tumia `-scale`, usitumie `-resize` peke yake, maana hiyo itaongeza rangi za kijivu kwenye kingo na utadhani umechora vizuri kumbe kompyuta ndiyo iliyokupamba.

Hatua ya 3: Vunja moyo

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Nakili faili, iite `vunjika.pbm`. Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kufuta nukta moja katika kila mstari, ukienda mshazari: ya 6, halafu ya 5, halafu ya 6, ya 7. Jaribu. Utaona kwamba ufa hauonekani kama ufa, bali kama mashimo yaliyotobolewa na mende. Sababu ni kwamba nukta nyeusi za pande mbili bado zinagusana kwa pembe, na jicho linaziunganisha. Wa kwanza niliouchora hivyo, mwenzangu wa meza ya pili aliutazama akaniuliza kama ni stroberi.

Dawa yake ni kuhakikisha kila nukta nyeupe ya ufa inapakana na nyenzake ubavu kwa ubavu, si kwa pembe. Badilisha mstari wa 4 hadi wa 9 wa picha uwe hivi:

```
111110111110
111100111110
111100011110
011111011100
001110011000
000110110000
```

Ufa unashuka, unakwenda kushoto, unarudi kulia, kisha unaishia juu ya ncha. Ncha yenyewe usiiguse. Ukiipasua, jicho linaona vipande viwili visivyo na jina, si moyo tena.

Hatua ya 4: Ipime kama herufi

Rudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye kompyuta, au punguza ukuzaji uwe `300%`. Mwonyeshe mtu ambaye hujamwambia chochote. Akisita, ondoa kitu, usiongeze. Jibu likiwa "stroberi", unajua pa kuanzia.

Kwa kipimo hiki utaelewa jambo linalowashangaza watu wakiitazama seti ya 1999: kati ya alama 176, nyuso ni tano tu. Uso mzima unakula nukta nyingi: duara, macho mawili, mdomo. Baada ya hapo, tofauti ya huzuni na uchovu inabaki nukta mbili au tatu. Kurita aliazima kwingine. Utabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni ulimpa jua, wingu, mwavuli na mtu wa theluji. Vibao vya barabarani na vya mijini vilimpa alama za huduma. Na manga, vitabu vya katuni vya kwao, vilimpa hisia zisizohitaji uso: tone la jasho, balbu ya wazo jipya, bomu, mishipa ya hasira iliyochorwa kama kona nne. Msomaji wa Kijapani alizijua tangu utotoni. Mgeni akiiona ile mishipa huenda asiambulie kitu, na mimi naona huo ndio mpaka halisi wa muundo huu: nukta chache hufanya kazi pale tu msomaji anapokuja na maana yake tayari.

Hatua ya 5: Ipe namba

Nukta 144 nyeusi au nyeupe ni biti 144, yaani baiti 18. Lakini baiti hizo hazikusafiri hewani. Picha ilikaa ndani ya simu. Kilichotumwa ni namba yake, baiti mbili kama kanji yoyote. Moyo wa Docomo ulikuwa `F991`, uliovunjika `F993`.

Tatizo lilikuwa kwamba kila kampuni ilikuwa na namba zake. Ukituma moyo wa Docomo kwenda mtandao mwingine bila tafsiri, ungeweza kufika ukiwa alama ya 〓, ile ambayo Wajapani huitumia pale herufi inapokosekana. Ilichukua hadi Oktoba 2010, toleo la 6.0 la Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, emoji za simu za Kijapani zilipopata namba za pamoja. Moyo wako uliovunjika sasa ni `U+1F494`, na kila simu huuchora kwa mtindo wake. Ufungue kwenye simu yako, ukuze, uuweke kando ya `vunjika.pbm`, halafu fuatisha njia ya ufa.