“Look forward to hear”: kuisahihisha kabla ya kubonyeza Send

Ofisini kwetu Lubumbashi tunashughulikia mizigo inayopita mpaka wa Kasumbalesa. Kati yetu tunasema Kiswahili na Kifaransa, lakini majibu ya Durban, Ndola na Dar es Salaam yanakwenda kwa Kiingereza. Kazi yangu ya kila asubuhi ni kupitia majibu ya wenzangu kabla hayajatoka, na kosa ninalolikuta zaidi ni lile la mstari wa mwisho:

```
I look forward to hear from you.
```

Kompyuta mara nyingi haiwekei mstari mwekundu, kwa sababu “hear” imeandikwa sawasawa. Kilichoharibika ni umbo lake baada ya “to”.

Tunalikosea kwa sababu lugha zetu zinatuvuta huko. Kiswahili kina “ku-” moja kwa kazi mbili: “nataka kusikia” ni kitenzi, na “kusikia kwake kumepungua” ni jina kabisa, hata kinapatanisha maneno mengine kama jina. Kiingereza kimezigawa kazi hizo. Ya kwanza ni “to hear”, ya pili ni “hearing”. Anayefikiri “natazamia kusikia” anachukua umbo la kwanza, wakati sentensi inadai la pili.

Hatua ya 1: jaribu kuweka jina baada ya “to”

Wiki iliyopita mdogo wangu wa kazi aliniita: “Yaya, apa tunaandika hear ao hearing?” Nilimwambia aondoe kitenzi, aache “to” palepale, aweke “your reply”, kisha asome kwa sauti.

```
I look forward to your reply.
I hope to your reply.
```

Ya kwanza inasomeka vizuri. Ya pili inavunjika. Basi baada ya “look forward to” tunaweka umbo la jina, yaani “hearing”, na baada ya “hope to” tunaacha kitenzi kitupu, “hear”. “To” ya kwanza ni kihusishi, ni ndugu wa “kwa” au “kuelekea”. Ya pili ni kipande cha kitenzi chenyewe, kama “ku-” yetu.

Jaribio hilohilo linamaliza ugomvi wa “used to”, ambao madereva na barabara zao wanatuletea kila siku. “We are used to this road” inakubalika, kwa hiyo tunaandika “We are used to loading at night”: tumezoea kupakia usiku. “We used to this road” haikubaliki, kwa hiyo ni “We used to load at night”: zamani tulikuwa tunapakia usiku, sasa hapana. Herufi chache tu, lakini mteja anaelewa ratiba tofauti kabisa.

Angalieni kosa la upande wa pili. Mtu akishasahihishwa “hearing” mara tatu, anaanza kuiweka kila mahali: “I hope to hearing from you”, “We would like to receiving the invoice”. Hapo amekariri umbo, hajashika sababu. Mrudishe kwenye jaribio.

Hatua ya 2: soma kila kitenzi kinachofuata kitenzi kingine

Hili hapa jibu lililotoka ofisini kwetu bila kupitiwa, kuhusu pampu zilizokuwa zinatoka Durban:

```
Thank you to send us the packing list.
We suggest you to load on Thursday.
The missing list prevents us to close the file.
I look forward to hear from you.
```

Mstari wa kwanza ndio uliotugharimu. Aliyeuandika alikuwa na Kifaransa kichwani, “merci de nous envoyer”, ambayo kwetu ni kuomba kwa adabu. Kiingereza hakiombi hivyo. Msomaji wa Durban aliona “thank you”, akadhani tunashukuru kwa kitu tulichokwisha kupokea, akafunga barua. Sisi tulikaa tukisubiri siku mbili, lori limeegeshwa mpakani.

Hapo kubadilisha “to send” kuwa “for sending” pekee kungezidisha hasara, kwa sababu “Thank you for sending us the packing list” ni Kiingereza safi kinachosema jambo lisilo la kweli: kwamba orodha imefika. Kwa hiyo kabla ya kugusa umbo, jiulizeni kama kitu kimeshafika. Kama kimefika, “Thank you for sending”. Kama hakijafika, acheni shukrani, andikeni “Please send us”. Si ukali, “please” inatosha kuwa heshima.

Mstari wa pili: “suggest” haikubali mtu halafu “to”. Andika “We suggest that you load on Thursday”, au “We suggest loading on Thursday” kama ni wazi nani anapakia. Kinachotupotosha ni “advise”, ambayo maana yake iko karibu na yenyewe inakubali: “We advise you to load on Thursday”. Nami nawashauri wanaoanza watumie “advise” mpaka “suggest” iwakae.

Mstari wa tatu: “prevent” inataka “from”, na baada ya “from” kitenzi kinachukua “-ing”. Ndivyo ilivyo baada ya karibu vihusishi vyote: “for sending”, “before loading”, “without paying”. Ndiyo maana “look forward to” haikuwa ya ajabu tangu mwanzo.

Jibu lililosahihishwa:

```
Please send us the packing list.
We suggest that you load on Thursday.
The missing list prevents us from closing the file.
I look forward to hearing from you.
```

Jaribio la jina lina mpaka wake. Linaamua “to” ni ya aina gani, basi. Halitakwambia kwamba “finish”, “avoid” na “consider” zinachukua “-ing” bila kihusishi chochote, wala kwamba “stop” inabadilika maana: “We stopped using that account” ni tumeacha kuitumia akaunti ile, lakini “We stopped to use that account” ni tulisimamisha jambo jingine ili tuitumie. Hizo ni za kujifunza moja moja. Mimi nimezibandika ukutani pembeni ya skrini, na naongeza moja kila inapotokea kwenye barua ya kweli.

Hatua ya 3: ling'oe kule linakozaliana

Majibu mengi hatuyaandiki upya, tunanakili ya jana. Kosa moja linaishi mwaka mzima hivyo. Kwenye Gmail, andika hivi katika kisanduku cha kutafutia:

```
in:sent "look forward to hear"
```

Fungua zinazotokea, uone ni jibu gani la kawaida mnalolinakili, ulisahihishe mara moja. Kisha lihifadhi: kwenye Settings fungua See all settings, ingia Advanced, washa Templates, hifadhi mabadiliko. Ukiwa unaandika barua, bonyeza vidoti vitatu chini, chagua Templates, halafu Save draft as template. Angalieni pia sahihi ya chini ya barua. Kwetu, wawili walikuwa na “hear” ndani ya sahihi yenyewe, ikitoka na kila barua.

Na unapohitaji jibu kabla ya lori kufika mpakani, usiuachie mstari huu kazi hiyo. “I look forward to hearing from you” haina tarehe. Weka ombi juu yake:

```
Please send us the packing list by Thursday, 10:00.
```