Kabla ya Kutoka Saa 12 Asubuhi: Nguo za Siku ya Kipupwe Dodoma

Mwezi wa Julai, saa 12 asubuhi, Dodoma bado ni giza. Jua linakaribia saa 1 ndipo linachomoza, na karibu na muda huo ndipo baridi inapokuwa kali kuliko saa nyingine yoyote. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni kavu na anga halina mawingu, kwa hiyo joto lote ambalo ardhi ililimeza mchana linapotea usiku. Alfajiri hushuka mpaka nyuzi joto 13 hivi. Saa 9 alasiri siku hiyohiyo ni 26 au 27, na jua linachoma.

Wengi tuliohamia huku kutoka pwani tunakosea namna moja: tunanunua jaketi moja zito. Nilifanya hivyo msimu wangu wa kwanza. Nilivaa jaketi nene lenye manyoya ndani juu ya shati la polista, nikapanda bodaboda na baridi sikuihisi. Nilipoingia kwenye daladala iliyojaa nikaanza kutoka jasho, na sikuweza kulivua kwa sababu chini yake shati lilikuwa limeshalowa. Mchana jaketi lenyewe halikuingia kwenye begi, nikawa nalibeba mkononi, na jioni ya tatu nililisahau kwenye kiti cha daladala. Tangu hapo navaa nguo tatu nyepesi, moja juu ya nyingine, na maandalizi nayafanya usiku kabla ya kulala. Ukiamka saa 11 alfajiri kwenye giza unavuta nguo ya kwanza unayoigusa.

Anza na safari yako. Jiulize utakaa dakika ngapi kwenye upepo, dakika ngapi umebanwa na watu, na dakika ngapi kwa miguu. Tumchukue mtumishi anayekaa Nkuhungu na kufanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, ambako ni kilomita 17 hivi mashariki ya katikati ya mji. Anatoka saa 12, anapanda bodaboda robo saa mpaka kituo cha daladala, anakaa au anasimama ndani ya daladala kama saa nzima, kisha anatembea dakika 10. Baridi yake kubwa iko kwenye ile robo saa ya kwanza tu. Kwenye nyuzi 13, upepo wa pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa unaufanya mwili uhisi kama ni nyuzi 10. Kumbe anachokihitaji zaidi ni kitu cha kuzuia upepo. Sweta la kufuma, hata likiwa nene kiasi gani, upepo unapita kwenye matundu yake na unaondoka na joto lako.

Kwa hiyo nguo ya juu kabisa iwe ni jaketi jembamba la upepo, lile la kitambaa cha nailoni kisicho na bitana. Kwenye mitumba yapo mengi, na mara nyingi ni nafuu kuliko sweta zuri. Kabla hujalipa, weka kitambaa mdomoni upulize. Pumzi ikipita kirahisi, upepo wa alfajiri nao utapita. Angalia zipu inapanda mpaka shingoni na mikono ina lastiki kwenye kifundo cha mkono, maana upepo huingilia hapo kuliko kifuani. Kisha likunje uone: likizidi ukubwa wa chupa ya maji ya lita moja na nusu, liache. Faida nyingine ya nailoni utaiona Agosti upepo unapoanza kubeba vumbi, kwa kuwa unalipangusa kwa kitambaa chenye unyevu na shati la ndani linabaki safi.

Utaona madereva wa bodaboda wamevaa majaketi yao kinyume, zipu ikiwa mgongoni. Wanajua wanachofanya, kwa kuwa upepo wote unawapiga kifuani na zipu huvujisha. Abiria anakingwa kidogo na mgongo wa dereva, kwake zipu ya mbele inatosha.

Ya katikati ni sweta jepesi, na hapa nasisitiza jambo moja: lifunguke mbele, kwa vifungo au zipu. Sweta la kuvulia kichwani ni tabu ndani ya daladala. Unainua viwiko, jirani anapata kiwiko cha uso, na mwanamke aliyejifunga mtandio au ushungi hawezi kulivua bila kuuvuruga wote. La vifungo unalifungua ukiwa umekaa, unatoa mkono mmoja, kisha wa pili. Kama unalo zuri la kichwani na hutaki kuliacha, fundi cherehani anaweza kulipasua mbele na kulitia zipu. Mwambie ashone kwanza utepe pande zote mbili za mstari kabla hajakata, vinginevyo nyuzi za sweta zitafumuka.

Ya ndani ndiyo utakayobaki nayo mchana, kwa hiyo ichague ukifikiria saa 9 alasiri. Mimi nashauri shati au blauzi ya pamba ya mikono mirefu, isiyobana, yenye rangi ya mwanga. Mikono mirefu inashangaza watu, lakini jua la huku linafika kwenye ngozi moja kwa moja, na kitambaa chembamba kinakupa kivuli chako mwenyewe. Pamba nayo inafaa Dodoma kuliko inavyofaa Tanga au Dar, ambako hewa yenye unyevu huiacha imelowa siku nzima. Huku hewa kavu inalinyonya jasho upesi na kukupoza. Ubaya wake ni kwamba jasho linakauka kabla hujaligundua, unadhani hutoki jasho kabisa, na huku maji ya mwili yanapungua. Chupa ya maji basi ihesabiwe pamoja na nguo unapopanga begi.

Kama lebo ya shati imekatwa, dondosha tone la maji kwenye upindo wa ndani. Pamba iliyokwisha kufuliwa italinywa palepale, na polista mara nyingi italiacha limekaa juu kwa muda. Singlendi chini ya shati ni hiari. Ukivaa, iwe ya pamba na iwe nyembamba, kwa sababu hiyo ndiyo nguo ambayo hutaweza kuivua njiani.

Sasa jaribio la usiku, ambalo nalifanya mpaka leo. Vaa zote tatu, kaa kwenye kiti, nyosha mikono mbele kama umeshika mabega ya dereva. Mgongo ukibaki wazi kiunoni au mikono ikipanda, upepo utaingia hapohapo. Halafu vua mbili za juu, zikunje, zitie kwenye begi unalobeba kila siku, pamoja na chakula, chupa na makaratasi. Begi lisipofunga, punguza kabla hujalala. Nguo inayoning'inia nje ya begi ndiyo inayosahaulika. Weka jaketi juu kabisa na sweta chini yake, kwa sababu jaketi ndilo utakalolihitaji kwanza jioni.

Kwa wanawake wanaopanda bodaboda, mtandio ni kinga nzuri ya shingo, ila ncha zake zisiachwe zikapepea. Zikunjwe na kuingizwa ndani ya jaketi kabla hujafunga zipu. Kanga ya kiunoni vivyo hivyo, ikaliwe vizuri. Kitambaa kirefu kikinaswa na gurudumu au mnyororo kinamvuta mtu chini papo hapo. Kamba za kofia ya jaketi nazo zitoe kabisa. Hazina kazi chini ya helmeti.

Kosa la njiani ni kungoja jasho ndipo uvue. Mtumishi wetu wa Nkuhungu, akishuka kwenye bodaboda, afungue zipu ya jaketi pale pale kituoni, na alivue kabla ya kupanda daladala, hata kama bado anahisi baridi kidogo. Hiyo baridi itaisha baada ya abiria kujaa. Sweta alifungue vifungo njiani, alivue saa moja na robo anaposhuka Mtumba na kuanza kutembea, kwa kuwa kutembea kunapasha mwili. Akichelewa atajua kwa dalili moja: mgongo, pale begi linapogusa, unakuwa na unyevu. Ukifika hapo usivue kila kitu kwa mkupuo ukiwa umesimama kwenye upepo. Utatetemeka ndani ya dakika mbili hata jua likiwa limetoka. Fungua mbele, shati likauke kwanza, ndipo uvue.

Ofisini sweta linaweza kurudi mabegani mpaka saa 4, hasa kwenye vyumba visivyopata jua la asubuhi. Kuanzia hapo mpaka jioni anabaki na shati lake.

Mpango huu wa nguo tatu ni wa Juni mpaka Agosti, majira ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa huyaita kipupwe. Septemba asubuhi zinaanza kupata joto lakini upepo haupungui, kwa hiyo sweta linabaki nyumbani na jaketi linaendelea. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto kali, hapo shati na mtandio vinatosha. Mvua zikianza Desemba usilitegemee jaketi la upepo. Linazuia manyunyu ya dakika chache tu, mvua ya kweli inapenya kwenye mishono.

Jioni hesabu inageuka. Akitoka kazini saa 9 na nusu anarudi na shati tu, hahitaji kitu. Lakini siku za kazi ndefu, akiwa kituoni saa 1 usiku, jua limeshazama na ile hewa kavu imeanza kupoa haraka. Shati lililokunywa jasho la mchana linashika baridi kabla yake. Avae jaketi akiwa bado anangoja gari, juu ya shati, na sweta alibakize kwenye begi kwa ajili ya bodaboda ya mwisho. Akifika nyumbani alitundike jaketi limegeuzwa nje ndani, kwa sababu nailoni hushika unyevu wa mwili upande wa ndani, na likikunjwa na unyevu huo usiku kucha, alfajiri atavaa kitu cha baridi.