Kabla ya kurudia mafuta ya kukaangia

Kagua mafuta ya jana kabla hujawasha jiko. Yakiwa ya baridi, mimina kidogo kutoka kwenye upawa. Mafuta mazuri hushuka kama maji, lakini yaliyochoka huwa mazito na hukokota. Pitisha kidole kwenye ukingo wa karai pia. Utando wa kahawia unaonata ni mafuta yaliyoungana kwa joto, na kuyachuja hakuyarudishi yalivyokuwa. Kisha nusa: harufu kama ya rangi ya kupaka ukutani au ya kuchacha inatosha kuyakataa. Rangi peke yake isikuamulie. Viungo na unga hutia weusi mafuta ambayo bado yanafaa, na yaliyoharibika nayo huweza kubaki ya dhahabu.

Kipimo cha uhakika zaidi ni moshi. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa kiwandani, yakiwa mapya, hutoa moshi karibu nyuzi 225 za Selsiasi, ilhali chipsi hukaangwa kwenye nyuzi 170 hadi 180. Nafasi hiyo katikati ndiyo usalama wako. Kila kiazi kinapoingia, maji yake huyavunja mafuta na kuachilia asidi, na kadiri asidi inavyozidi moshi huanza mapema zaidi. Mafuta yakitoa moshi kwenye joto la kawaida la kukaangia, yaani chini ya nyuzi 180, yamwage. Moshi huo unaochoma macho na koo una akrolini, sumu inayotokana na mafuta yanayovunjika. Alizeti ya kukamuliwa isiyosafishwa hutoa moshi mapema hata ikiwa mpya, kwa hiyo haifai kukaangia chipsi.

Tumbukiza kipande kimoja cha kiazi. Mapovu makubwa yanayopasuka papo hapo ni mvuke tu. Povu laini linalopanda ukingoni na kukaa hapo ni dalili mbaya, tena linaweza kufurika juu ya mkaa na kuwaka. Weka kifuniko karibu, na usimwagie maji mafuta yanayowaka.

Je, ni mara ngapi? Hakuna idadi inayofaa kila karai. Kwa lita 2 za nyumbani, viazi vitupu huruhusu takriban mara nne hadi sita, kila mara isizidi nusu saa motoni. Samaki wa unga ni mara mbili, tatu kwa shida, kwa sababu unga hudondoka, huungua na kuharakisha uharibifu. Ndiyo maana ni busara kuanza na viazi na kumalizia na samaki. Kibandani karai hukaa motoni kutwa, kwa hiyo hesabu saa, si mizunguko, na rudia kipimo cha moshi kila siku. Kuongeza mafuta mapya juu ya yaliyoharibika huyaharibu mapya haraka.

Yanayobaki yakishapoa, yachuje kwa kitambaa safi kikavu, yafunike kwenye chombo cha kioo au chuma kisichoshika kutu, mbali na mwanga. Chumvi tia kwenye chipsi zikishatoka, kamwe si juu ya karai.