Kukagua michoro ya jengo lilivyojengwa: fuata bomba la maji machafu kwa kalamu nyekundu

Kabla mwenye jengo hajapewa funguo, mkandarasi huleta rundo la michoro iliyopigwa muhuri kwamba hivi ndivyo jengo lilivyojengwa. Mara nyingi ni michoro ileile ya mwanzo, imebadilishwa jina tu. Mimi huijaribu kwa kitu kimoja kilichofukiwa: bomba la maji machafu kutoka chooni hadi septiki. Ukuta uliohama unaonekana kwa macho. Bomba lililohama utalijua siku maji machafu yakirudi bafuni, na siku hiyo huo mchoro ndio utakaowaambia mafundi wachimbe wapi.

Mfano ninaoutumia hapa ni nyumba ya wageni ya ghorofa mbili huku Njiro, Arusha. Mchoro ulionyesha bomba la inchi nne likienda moja kwa moja kutoka chemba namba 2 hadi namba 3, mita 12, mteremko wa 1:40, yaani kushuka mita 1 kwa kila mita 40, chini ya maegesho yaliyotandikwa pevingi.

Hatua ya kwanza: karatasi. Chapisha toleo la mwisho lililoidhinishwa, kisha weka pembeni maagizo yote ya maandishi yaliyotolewa wakati wa ujenzi na picha zilizopigwa kabla ya kufukia. Angalia ukubwa wa karatasi. Mchoro wa A1 ukichapishwa kwenye A3 urefu wote unapungua nusu, kwa hiyo skeli ya 1:100 inakuwa 1:200 ingawa maandishi ya pembeni bado yanasema 1:100. Nimeona mtu mzima akipima kwa rula karatasi ya namna hiyo na kumgombeza fundi asiye na kosa. Soma namba zilizoandikwa; rula iache ofisini.

Hatua ya pili: chemba ziko wapi? Pima kila chemba kutoka kwenye pembe mbili za jengo ambazo hazitahama, kwa mfano kona za ukuta wa nje. Usipime kutoka kwenye uzio wala mti. Vipimo viwili vinatosha kuipata chemba kwenye karatasi, kwa kuwa iko upande mmoja tu wa ukuta, lakini mimi huchukua cha tatu ili kujisahihisha. Pima hadi katikati ya mfuniko na uandike hapohapo. Ukisema utaandika jioni, utakuwa umechanganya namba 2 na namba 3.

Pale Njiro chemba zote mbili zilikaa mahali pake, tofauti ilikuwa sentimita chache tu. Mtu mwenye haraka angepiga tiki na kuondoka.

Hatua ya tatu: kati ya chemba na chemba kuna nini? Funua mifuniko yote miwili. Mtu mmoja amulike tochi ndani ya bomba upande wa chemba 2, mwingine ashike kioo kwenye chemba 3. Bomba lililonyooka litakupa duara zima la mwanga. Ukiona nusu duara, limepinda au lina tope. Sisi hatukuona mwanga kabisa. Tena mdomo wa bomba ndani ya chemba 3 haukuelekea chemba 2, ulikuwa umegeukia upande. Hiyo peke yake ingetosha kunishtua.

Tukaingiza fito za kuzibulia kutoka chemba 2, kila moja mita 1, huku tukizihesabu. Ya nane ilipozama, ncha ikagonga ukuta. Nikamwita fundi bomba.

"Injinia, pale tulikuta jiwe kubwa kama ng'ombe," akasema. "Tukalizunguka, tukaweka chemba ndogo kwenye kona."

"Iko wapi hiyo chemba?"

"Chini ya pevingi, mkuu. Walioweka pevingi walipita juu yake."

Kwa ardhi yetu hii ya volkano kukutana na jiwe si ajabu, na kulizunguka si kosa. Kosa ni kwamba hakuna aliyeliandika. Tukafuata uelekeo wa fito, tukapima mita 8, tukainua pevingi na kuukuta mfuniko. Nikaiita 2A, ili namba za chemba nyingine zisivurugike. Kutoka hapo hadi chemba 3 ni mita 5.

Hatua ya nne: mteremko. Hapa nenda polepole. Huhitaji mashine ya gharama. Mpira wa levo uliojaa maji, usio na mapovu, unatosha. Tulichukua mfuniko wa chemba 2 kuwa sifuri. Mfuniko wa chemba 3 uko chini yake kwa sentimita 5. Kisha tukapima kina kutoka kwenye mfuniko hadi pale maji yanapopita chini ya bomba: chemba 2 ni sentimita 70, chemba 3 ni sentimita 95. Ukijumlisha na zile 5, maji ya chemba 3 yako sentimita 100 chini ya sifuri. Maana yake bomba limeshuka sentimita 30 kwa mita 13 za njia halisi, yaani kama 1:43. Ukiishia hapo utaridhika, maana iko karibu sana na 1:40 ya mchoro.

Lakini 2A ilikuwa na jambo lake. Maji yake yalipita sentimita 95 chini ya sifuri. Kwa hiyo mita 8 za kwanza zimeshuka sentimita 25, yaani 1:32, na mita 5 za mwisho zimeshuka sentimita 5 tu, yaani 1:100. Maji yanakuja kwa kasi, yanafika kwenye kona, yanapunguza mwendo. Karatasi na vitu vizito vitatua hapohapo. Wastani ulikuwa umeficha kasoro, ndiyo maana kila kipande hupimwa peke yake.

Hatua ya tano: kalamu. Nyekundu ni kwa kilichopo lakini hakikuchorwa. Kijani ni kwa kilichochorwa lakini hakipo. Bluu ni kwa maelezo ambayo mchoraji asiyachore. Ofisi nyingine zina mpangilio wake. La msingi ni kuandika maana ya rangi kwenye kona ya karatasi. Mstari wa zamani ukate kwa kijani mara moja, bado usomeke. Usifute wala kupaka rangi nyeupe. Chora njia mpya kwa nyekundu, izungushie mstari wa mawimbi kama wingu, kisha weka tarehe na herufi za jina lako. Kando ya 2A niliandika hivi:

"Chemba 2A: mita 6.42 kutoka kona A, mita 9.15 kutoka kona B. Kina sm 95 chini ya mfuniko wa chemba 2. Mteremko 2 hadi 2A 1:32. 2A hadi 3 1:100. Imepimwa, si kukadiriwa."

Sehemu usiyoweza kuifikia andika "haikuonekana". Usibahatishe.

Mkandarasi aliniomba niandike 1:40 "ili karatasi zipite". Nilikataa. Kalamu nyekundu inaandika kilichopo. Kama kinakubalika au la, anaamua mhandisi aliyebuni mfumo. Ile 1:100 niliihamishia pia kwenye orodha ya kasoro, kwa sababu mchoraji angeichora vizuri kabisa na bomba likabaki vilevile.

Hatua ya sita: mchoro ukirudi. Weka karatasi yako yenye alama kando ya mchoro safi, na kila alama iliyohamishwa ipake njano. Alama isiyo na njano haikuhamishwa. Safari ya kwanza 2A ilichorwa lakini kina chake kikasahaulika, ikarudishwa.

Mhandisi aliagiza kipande cha mita 5 kifukuliwe na kulazwa upya. Chemba 2A haikushushwa, maana maji yake yalikuwa chini mno tayari. Iliinuliwa sakafu kwa sentimita 7.5 hadi sentimita 87.5 chini ya sifuri, ili vipande vyote viwili viwe karibu na 1:40. Mita 8 nazo zikalazwa upya kutoka kona hiyo. Nilirudi na mpira wa levo kabla hawajafukia, nikakata namba zangu za zamani kwa kijani, nikaandika mpya kwa nyekundu. Mfuniko wa 2A sasa umepandishwa hadi usawa wa pevingi, na mlinzi wa nyumba anajua ulipo.