Ripoti ya mfumo kuanguka: anza na mteja, si seva

Mfumo wetu wa malipo uliwahi kulala dakika 47. Rasimu yangu kwa wakurugenzi ilianza na "cheti cha TLS kimeisha muda". Bosi akaniuliza: "Sasa wateja wamepoteza hela?" Nikaigeuza:

"Leo saa 3:10 hadi 3:57 asubuhi wateja hawakuweza kulipa. Malipo 1,912 yalikataliwa. Hakuna aliyekatwa pesa. Cheti cha usalama cha seva kiliisha muda, kwa kuwa vikumbusho vilienda kwenye barua pepe ya mfanyakazi aliyeshaondoka. Tumeweka cheti kipya, malipo yanapita. Kufikia Ijumaa, mkuu wa miundombinu atahamishia vikumbusho kwenye anwani ya timu na kuweka tahadhari ya siku 30 kabla."

Ile anwani iliyoachwa ndiyo chanzo. Cheti kuisha ni dalili tu. Huyo aliyeondoka usimtaje jina. "Hakuna aliyekatwa pesa" nayo usiiandike kabla ya kulinganisha kumbukumbu zenu na za benki. Sisi ilituchukua saa mbili, na muda wote huo sentensi ilisomeka "tunahakiki". Kuhusu kinga, ukiandika "tutaimarisha ufuatiliaji" bila mhusika wala tarehe, jiandae kuulizwa tena kikao kijacho.