Kuhesabu sehemu ya pango na umeme wa nyumba unamofanyia kazi: mwongozo kwa mfanyabiashara binafsi wa Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa mtu anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe, bila kampuni, katika chumba kimoja cha nyumba anayopanga, na ambaye anataka kutoa sehemu ya gharama za nyumba hiyo katika faida yake kabla ya kodi kuhesabiwa. Humu ndani neno kodi litatumika kwa kile kinacholipwa serikalini peke yake. Kile anacholipwa mwenye nyumba tutakiita pango, kwa sababu nimeona watu wakichanganya mambo hayo mawili hata kwenye karatasi walizopeleka ofisini. Mfano tutakaoufuata ni wa mapato ya mwaka 2024, na kila mwaka wa mapato husomwa kwa sheria iliyokuwa ikitumika mwaka huo.

Kabla ya kupima chumba chochote, hakikisha kwanza kwamba gharama hizi zinakuhusu. Kwa utaratibu wa kodi wa biashara ndogo uliowekwa mwaka 2013, mtu ambaye mauzo yake ya mwaka yanazidi faranga milioni 10 lakini hayapiti milioni 80 hulipa kodi juu ya mauzo yenyewe: asilimia 1 kwa anayeuza bidhaa, asilimia 2 kwa anayetoa huduma. Huyo hana faida ya kupunguza kwenye fomu yake, na hata akiwa na stakabadhi za pango za mwaka mzima hazitabadilisha faranga moja. Ni yule aliyepita milioni 80 anayetozwa asilimia 30 ya faida, na ndiye anayeandikiwa mwongozo huu. Yeye naye ana mpaka wake, kwa kuwa kodi yake haiwezi kushuka chini ya asilimia 1 ya mauzo. Ikiwa faida ni nyembamba kiasi kwamba tayari unalipa kile kiwango cha chini, kuongeza gharama za nyumba hakutakuletea nafuu mwaka huo.

Msingi wa dai lenyewe uko katika amri-sheria namba 69/009 ya tarehe 10 Februari 1969, kifungu cha 43. Kifungu hicho kinakubali kama gharama ya kazi pango lililolipwa kweli, pamoja na gharama zinazoambatana nalo, kwa ajili ya majengo au sehemu za majengo zinazotumika kwa kazi, na pia gharama za kuyatunza na kuyawashia taa. Maneno mawili yanabeba uzito wote hapo. La kwanza ni “lililolipwa kweli”: pango ambalo bado ni deni halijalipwa, na mtu anayefanya kazi katika nyumba yake mwenyewe hawezi kujiandikia pango la kubuni, maana kifungu hichohicho kinamkatalia. La pili ni “sehemu za majengo”. Sheria haikutaja asilimia yoyote. Inakuachia wewe uonyeshe ni sehemu ipi, na njia iliyo rahisi kutetea mbele ya mkaguzi ni eneo la sakafu. Kifungu cha 46, kwa upande wake, kinakataza matumizi ya nyumbani ya mtu binafsi, na hicho ndicho mkaguzi hukifungua anapoona umeandika pango lote.

Hatua ya kwanza ni kupima. Chukua utepe, pima urefu na upana wa kila chumba kutoka ukuta hadi ukuta kwa ndani, kisha uchore nyumba yote kwenye karatasi moja na kuandika vipimo ndani ya kila chumba. Tuchukue mfano wa mfasiri wa nyaraka za kampuni za migodi anayepanga nyumba katika komuni ya Kampemba. Sebule ina mita 5 kwa 4.2, yaani mita za mraba 21; chumba kikubwa cha kulala ni 14, kidogo ni 9, jiko 9, bafu 4, ujia 6, na chumba cha kazi ni mita 4 kwa 3, yaani 12. Jumla ni mita za mraba 75. Chumba cha kazi, 12, ukikigawanya kwa 75 unapata asilimia 16.

Kuna wanaopenda kutoa ujia na bafu katika jumla, wakisema ni mahali pa wote, na hapo sehemu yao hupanda hadi zaidi ya asilimia 18. Mimi siwashauri. Kuviacha ndani ya jumla hakuhitaji maelezo, na tofauti ya pesa ni ndogo kuliko muda utakaoupoteza kuitetea. Uwanja wa parseli na baraza la nje lisilofungwa visihesabiwe upande wowote. Tia tarehe na sahihi kwenye mchoro, kisha upige picha mbili za chumba zikionyesha meza, mashine na rafu za mafaili.

Hatua ya pili ni kujiuliza kwa unyofu chumba kilitumika kwa kazi kwa miezi mingapi. Hapa ndipo madai mengi huanguka. Mfasiri wetu alikuwa na chumba hicho peke yake kuanzia Januari, lakini mwezi wa Oktoba mpwa wake alikuja kutoka Likasi kusoma, na godoro likawekwa kando ya meza. Tangu siku hiyo chumba ni cha kulala ambacho pia hufanyiwa kazi. Angeweza kujaribu kugawanya kwa saa za mchana na usiku, ila angelazimika kuonyesha saa hizo, na hakuwa ameziandika. Njia safi ni kudai miezi 9, Januari hadi Septemba, na kuacha mitatu iliyobaki. Mkaguzi anayekuta godoro chumbani na dai la miezi 12 kwenye karatasi hataishia kukata miezi hiyo mitatu. Atatilia shaka mchoro mzima.

Hatua ya tatu, ambayo huchukua muda mrefu kuliko zote, ni kukusanya hati za malipo yenyewe. Kwa pango unahitaji mkataba wenye jina lako na stakabadhi ya kila mwezi yenye sahihi ya mwenye nyumba. Mkataba ukiwa kwa jina la mume, mke au kaka, pango halikulipwa na wewe machoni pa ofisi, kwa hiyo urekebishwe mapema, mwaka ukiwa bado mbele. Garanti uliyoiweka ulipoingia nyumbani si pango. Ni pesa yako iliyo mikononi mwa mwenye nyumba, na haiingii katika hesabu. Kwa kuwa mikataba mingi ya mjini kwetu huandikwa kwa dola, andika kwenye kila stakabadhi kiwango cha kubadilisha cha siku ya malipo na kiasi chake kwa faranga. Omba pia mwenye nyumba aongeze mstari mmoja wenye sahihi unaosema kwamba anajua na kukubali kuwa chumba kimoja kinatumika kwa kazi, kwa sababu mkataba wa makazi tu hukupa swali ambalo hukulihitaji.

Faktire za umeme wa SNEL zina tatizo lao: mara nyingi hubeba jina la mwenye nyumba, au hata la mtu aliyemuuzia parseli miaka iliyopita. Hilo halizuii dai, mradi mkataba utaje namba ya mita ileile iliyo kwenye faktire na useme kwamba umeme unalipwa na mpangaji. Ikiwa wapangaji watatu wa parseli moja wanagawana faktire moja, gawanya mara mbili. Kwanza tafuta fungu la nyumba yako kwa karatasi ya mgawanyo mliyoitia sahihi wote, kisha ndipo utumie asilimia ya sakafu juu ya fungu hilo. Anayenunua umeme wa kulipia kabla atunze kila karatasi ya ununuzi na kuinakili mara moja, maana wino wake hufifia kabla ya mwaka kwisha. Mafuta ya grupu nayo hufuata njia hiyo, kwa stakabadhi ya kituo yenye tarehe. Mafuta ya chupa yaliyonunuliwa kando ya barabara bila karatasi yaachwe.

Maji ya REGIDESO yanataka hukumu ya mtu mwenyewe. Mfasiri hatumii maji kufasiri, na mimi ningeyaacha nje kabisa. Msusi anayeosha nywele nyumbani ana hoja nzuri, lakini kwake sakafu si kipimo sahihi, kwa kuwa matumizi yake hayaendi na ukubwa wa chumba. Afadhali aweke mita ndogo ya kwake. Fundi mwenye mashine za kuchomelea afanye hivyo hivyo kwa umeme.

Sasa hesabu. Mfasiri hulipa dola 400 kwa mwezi. Tuseme kiwango kilikuwa faranga 2,800 muda wote, ili mfano uwe rahisi. Ni faranga 1,120,000 kwa mwezi, na kwa miezi 9 ni 10,080,000. Faktire za umeme za miezi hiyo zinafikia 1,050,000, na mafuta ya grupu 600,000. Asilimia 16 ya kila kimoja ni 1,612,800 kwa pango, 168,000 kwa umeme na 96,000 kwa mafuta, jumla 1,876,800. Mauzo yake ni milioni 92, na faida kabla ya gharama hizi ni milioni 31. Kodi ingekuwa 9,300,000. Baada ya kuzitoa, faida ni 29,123,200 na kodi ni 8,736,960. Nafuu yake ni faranga 563,040, na kodi bado iko juu sana ya kiwango cha chini cha 920,000.

Katika vitabu, kwa mpango wa hesabu wa OHADA, sehemu ya kazi tu ya pango huingia katika akaunti 622, na ya umeme katika 6052. Ikiwa pango lote lilitoka kwenye pesa za biashara, asilimia 84 iliyobaki, pamoja na miezi mitatu ya mwisho yote, iandikwe katika akaunti 104, ambayo ni ya mwenye biashara mwenyewe. Usiiweke kwanza yote katika 622 ukitumaini kuipunguza mwisho wa mwaka. Ni kosa ambalo husahaulika kwa urahisi.

Hatua ya mwisho ni kujaza tamko la kodi ya faida na kulipeleka kwenye kituo cha DGI kinachokusimamia kabla ya tarehe 30 Aprili ya mwaka unaofuata kupita. Tamko hubeba jumla tu. Hesabu ya asilimia, mchoro, picha, mkataba na stakabadhi hubaki kwako katika faili moja kwa mpangilio wa miezi, na utazitunza kwa miaka 10. Ukihama nyumba au ukibomoa ukuta, chora mchoro mpya siku hiyohiyo na kuuweka nyuma ya ule wa zamani, kwa sababu mkaguzi atakayekuja atataka kujua asilimia 16 ilianza na kuisha mwezi gani.