Mzigo wa Krismasi uliobaki: uandike kwa bei gani tarehe 31 Desemba?

Duka nitakalolitumia kama mfano liko Mwanza na linachukua mzigo Kariakoo. Hesabu zake zinafungwa 31 Desemba, yaani siku sita tu baada ya Krismasi. Siku hiyo rafu zina vitu vya aina mbili: ambavyo msimu wake umepita, na ambavyo msimu wake ndio unaingia, kwa sababu shule zinafungua Januari. Wengi wetu tunavihesabu vyote, tunazidisha kwa bei ya kununulia, basi. Hapo ndipo hasara inapojificha.

Kanuni yenyewe, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2, ni hii: mzigo uliobaki huandikwa kwa gharama yake au kwa thamani halisi ya mauzo, ile iliyo ndogo. Thamani halisi ya mauzo ni bei unayotarajia kuuzia kwa biashara ya kawaida, ukitoa gharama za kuumalizia mzigo na za kuuuza.

Hatua ya 1: Hesabu, na uangalie hali ya kitu

Usiandike "magauni 60" ukaendelea. Fungua mfuko. Gauni lililojaribiwa na watoto kumi lina alama ya vidole kwenye kola nyeupe, na shanga mbili zimeng'oka. Hilo haliuziki kwa bei ya wenzake. Andika hali yake pembeni ya idadi, maana mwezi wa tatu hutakumbuka.

Katika duka letu tulikuta magauni ya watoto 60, miti ya plastiki 25, kalenda za 2026 zipatazo 120, na mabegi ya shule 80.

Hatua ya 2: Tafuta gharama ya kila kimoja

Gharama si bei ya risiti peke yake. Ni pamoja na nauli ya mzigo, upakiaji na upakuaji mpaka ufike dukani. Gauni lilinunuliwa 18,000, na nauli ikagawanyika kuwa 1,500 kwa gauni, hivyo gharama ni 19,500. Kodi ya pango la duka na mshahara wa muuzaji havimo. Kodi ya ongezeko la thamani uliyolipa huingia kama hujasajiliwa. Kama umesajiliwa na unairudisha, iache nje.

Kwa njia hiyohiyo tulipata mti 42,000, kalenda 2,500 na begi 16,000. Jumla ya gharama yote ni 3,800,000.

Hatua ya 3: Kadiria thamani halisi ya mauzo, kitu kwa kitu

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo twende polepole.

Magauni yaliuzwa 30,000 wiki ya Krismasi. Bei hiyo imeondoka na msimu. Mwenye duka anasema atayatoa kwa 20,000, na daftari la mwaka uliopita linaonyesha kweli Januari huwa yanatoka karibu na hapo. Lakini hayaondoki yenyewe: winga anayeleta mteja anachukua 2,000 kwa kila gauni, na kupiga pasi pamoja na mfuko mpya ni 500. Inabaki 17,500, pungufu ya gharama kwa 2,000. Magauni 60 yanaleta punguzo la 120,000.

Miti ni habari nyingine. Imepitwa na msimu lakini haiozi, wala mtindo wake haubadiliki sana. Daftari linaonyesha miti ya zamani iliuzwa Desemba iliyofuata bila shida. Tukakadiria 55,000, tukatoa 3,000 za kumpelekea mteja, ikabaki 52,000. Ni zaidi ya gharama, kwa hiyo mti unabaki 42,000. Angalizo: hoja ya "tutauza mwakani" inakubalika pale tu penye ushahidi kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa. Nimeshawahi kuona boksi moja likivuka Desemba tatu kwa maneno hayohayo.

Kalenda za 2026 bado ni mpya tarehe hiyo, ila muda wake ni wiki chache. Bei ya 5,000 inashuka mpaka 2,000 wiki mbili za mwanzo wa Januari, kisha hakuna anayeuliza. Tukakadiria 70 zitauzika na 50 zitaishia kufungia vitumbua. Jumla ni 140,000 dhidi ya gharama ya 300,000, punguzo 160,000.

Mabegi yatauzwa 24,000, gharama za kuuza 1,000, inabaki 23,000. Yanabaki 16,000. Faida hiyo utaiandika begi likishauzwa.

Hatua ya 4: Linganisha kila aina peke yake

Ukijumlisha thamani halisi ya mauzo ya vitu vyote unapata 4,330,000, zaidi ya gharama ya 3,800,000, na utasema hakuna hasara. Kosa hili nililifanya mwenyewe nikiwa mgeni kwenye kazi: faida ya mabegi ambayo haijauzwa ilimeza hasara ya kalenda. Ukilinganisha aina kwa aina, mzigo wako ni 3,520,000.

Hatua ya 5: Andika kwenye vitabu

Debiti gharama ya bidhaa zilizouzwa 280,000, krediti stoku 280,000. Hasara inabebwa na mwaka ulioagiza mzigo mwingi, haisubiri mwaka wa kuuuza.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Iringa: Shikamoo mwalimu. Magauni yaleyale Kariakoo sasa ni 14,000 kwa jumla. Nisitumie hiyo?*

Marahaba. Hapana. Hiyo ni bei ya kununulia upya, na wewe hununui, unauza. Inaweza kukuonya kwamba wenzako watashusha bei, kisha ukapitia upya makadirio yako ya 20,000. Lakini kinacholinganishwa na gharama ni utakachopata wewe kwa mteja wako.

*Kutoka Arusha: Bosi wangu anakata asilimia 20 kwa kila kilichobaki. Ni rahisi, mbona?*

Ni rahisi, ndiyo, lakini atakata mabegi yasiyostahili na ataacha kalenda juu mno. Kiwango cha asilimia kinafaa kikitokana na mauzo yenu ya miaka iliyopita, tena kwa aina moja ya bidhaa.

*Kutoka Tanga: Mimi ni fundi. Nina jora za kitambaa cha sare, na bei ya kitambaa imeshuka. Nishushe?*

Angalia sare iliyokamilika kwanza. Kama itauzwa kwa bei inayorudisha gharama yote ya kitambaa, uzi na ushonaji, kitambaa hakishushwi.

*Kutoka Mombasa: Nimeshusha gauni mpaka 17,500. Mwaka umekwisha, bado ninalo, na sasa linaweza kuniachia 22,000. Nifanyeje?*

Lipandishe, lakini mwisho ni 19,500, gharama yake ya awali. Ongezeko hilo la 2,000 linapunguza gharama ya bidhaa zilizouzwa ya mwaka huu.

*Kutoka Dodoma: Hesabu hazijasainiwa, na Februari tumeuza magauni kwa 15,000 badala ya 20,000. Turudi nyuma?*

Uliza kwa nini. Kama ni kwa sababu tarehe 31 Desemba tayari yalikuwa hayatakiwi na ninyi mlikadiria kwa matumaini, mauzo hayo ni ushahidi: rekebisheni. Kama bomba lilipasuka Februari yakalowa, hilo ni tukio la mwaka mpya, na hasara yake ikae huko.